Udhamini wa Mwaka Mmoja

Rauf ndiye aliyemtupia Sikiru godoro nje kwenye mvua, mtoto wa kaka yake mwenyewe. Leo Rauf anatafuta chumba mtaani Mushin, na mwenye nyumba hampi funguo bila barua ya mdhamini.

Sikiru, ambaye sasa ana gereji yake, alipomwona mzee amekuja kumwomba barua hiyo, akalala kifudifudi kumwamkia kama mila inavyotaka. Kisha akaandika: “Mimi Sikiru Alabi nitamlipia Rauf Alabi kodi akishindwa, isizidi naira laki tatu, kwa mwaka mmoja tu tangu aingie.”

“Mwanangu, ungeweka hata miaka mitano.”

“Thubutu, baba mdogo. Kila mwaka utakuja hapa, mbele ya mafundi wangu, uniombe upya.”

Akatia saini taratibu, mzee akimwangalia.