Swali Zuri Sana

Ofisini siku hizi naitwa Swali Zuri, na jina hilo nimejitafutia mwenyewe.

Mimi ni mchambuzi wa hisa kwenye mfuko wa pensheni wa walimu. Nasoma taarifa za kampuni, kisha naishauri kamati ya uwekezaji inunue nini na iuze nini. Kila miezi mitatu wakubwa wa kampuni hufanya kikao cha simu: wanatangaza matokeo, wachambuzi wanauliza, na baadaye mazungumzo yote huandikwa neno kwa neno. Kwa miaka sita nilisikiliza tu, kwa uoga, ingawa nyumbani nilisema ni busara.

Safari hii nikajitosa. Kampuni ilikuwa ya maziwa. Nikauliza: mauzo yamepanda, mbona fedha zinazoingia zimepungua? Maduka sasa yanachukua siku ngapi kulipa? Mkurugenzi mkuu akanishukuru, akaniita ndugu yangu, akasema hilo ni swali zuri sana. Jamani! Kichwa kilinivimba. Akaongea dakika nne nzima, nami muda wote huo nikiwaandikia wenzangu kuuliza kama wamesikia nilivyosifiwa. Siku iliyofuata nikapendekeza kwa kamati tuongeze hisa zetu pale mara mbili.

Jumapili, siku moja kabla ya kamati kukaa, nikampelekea mama nakala ya kikao. Sikumpelekea aisome, nilitaka aone mahali palipoandikwa maneno yangu. Mama ni mwalimu mstaafu, amesahihisha mitihani miaka thelathini na moja, na pensheni anayoishi nayo inatoka kwenye mfuko wetu. Nikamsomea swali langu kwa madaha, nikamsomea na sifa nilizopewa. Kisha nikakunja karatasi.

"Akajibu nini?" mama akauliza.

Nikamwambia alijibu vizuri tu. Akanyoosha mkono, akaichukua nakala, akatoa kalamu nyekundu kwenye mfuko wa miwani. Akasoma zile dakika nne taratibu: kiwanda kipya, uhusiano mzuri na wasambazaji, wafanyakazi wanaojituma. Pembeni akaandika sifuri.

"Mwanangu, umeuliza siku ngapi. Hapa hakuna hata siku moja. Huyu kakupiga chenga, na wewe ukampigia makofi."

Nikajitetea kwamba mkurugenzi wa fedha aliongezea. Tukatazama: alisema wanalifuatilia kwa karibu. Wachambuzi wengine wawili walirudia swali langu kwa maneno yao. Wa kwanza alijibiwa habari za kiwanda tena, wa pili akaambiwa muda umekwisha. Mimi sikuwa nimewasikiliza, wala sikuwa nimefika ukurasa huo. Niliishia kwenye sifa zangu.

Mama akataka karatasi ya muhula uliopita. Nikafungua nakala ya robo iliyotangulia kwenye simu. Miezi mitatu nyuma mkurugenzi wa fedha aliulizwa jambo lilelile akajibu kwa sentensi moja: siku arobaini na tano. Mkurugenzi mkuu naye alisema wanatarajia mauzo ya mwaka yakue kwa asilimia kumi na mbili. Safari hii hiyo kumi na mbili haikutajwa popote. Mahali pake palikuwa na imani kubwa katika safari yao ya muda mrefu. Hata namna ya kusema ilibadilika: kule ilikuwa "tutauza, tutafungua", huku ni "mazingira yana changamoto, lakini tuko imara". Mwanafunzi anayejua jibu, mama alisema, haandiki kurasa tatu.

Niliona aibu, nikaogopa pia. Nilikuwa nimebakiza siku moja tu kuipeleka pensheni ya mama yangu, na ya walimu wenzake wote, mahali ambapo sikujua pana nini, kwa sababu mtu aliniita ndugu yangu.

Jumatatu nikaiomba kamati iliondoe pendekezo langu. Nikawaeleza kwamba ukimya si ushahidi wa ubovu, ila tusiongeze hata hisa moja mpaka kampuni ituambie kwa maandishi ni siku ngapi, na kwa nini makadirio ya mwaka yametoweka. Mwenyekiti, mzee wa maneno machache, akavua miwani.

"Sasa siku ile ulitushauri tununue kwa sababu gani?"

Nikafungua mdomo. Nilisikia sauti yangu ikisema, "Asante mwenyekiti, hilo ni swali zuri sana." Nikaanza na kiwanda kipya. Nilikuwa nimefika kwa wasambazaji nilipoona wajumbe wote wananitazama jinsi mama alivyokuwa anaitazama ile karatasi.

Nikawaacha wasambazaji hapo hapo. Kisha nikajibu.

"Nilisifiwa, nikafurahi, sikusoma jibu."

Mwenyekiti akaandika kitu kwenye daftari lake, akasema hilo ndilo jibu la kwanza alilopata mwezi ule.