Kitufe Ndani ya Kiungo

Hadi leo nikifungua ukurasa wowote wenye kitufe, siigusi mausi kwanza. Nabonyeza Tab kwenye kibodi. Wenzangu kazini wananicheka, wanasema nina uzee wa mapema. Wacha wacheke. Wao hawakumrudisha mtu Momba mara tatu kwa uongo.

Mwaka ule Tunduma ilikuwa bado Mkoa wa Mbeya, na mimi nilikuwa nasimamia intaneti kafe yenye kompyuta sita, karibu kabisa na foleni ya malori ya kuvuka kwenda Zambia. Kusimamia maana yake kufanya yote: kufagia, kuchapa barua, kutoa kopi, kuwaandikia madereva barua pepe kwa matajiri wao. Kutengeneza kurasa za mtandao nilijifunza mwenyewe, kwenye kitabu kilichochakaa nilichokinunua Mlowo pale stendi, kisha kwa kufungua misimbo ya kurasa za watu, yale maandishi ya ndani yanayoziendesha, na kuichungulia. Nilijiona mjuzi, na hilo nalo linaniuma.

Jumatatu moja akaja binti mwenye bahasha ya plastiki kifuani. Alitoka Momba, kule bondeni, kwa wafugaji waliohamia na ng'ombe wao kutoka kanda ya ziwa. Alikuwa amepanda bodaboda tangu asubuhi na vumbi lilikuwa limemkaa hadi kwenye kope. Alitaka kuomba nafasi ya uuguzi katika chuo kimoja huko juu, Mbozi. Mwaka huo chuo kilikuwa kimeacha fomu za karatasi. Maombi yote yalipitia kwenye tovuti yao.

"Dada, nikishajaza wanatoa karatasi yenye namba?" aliniuliza kabla hata ya kukaa.

Nikamwambia nadhani wanatoa.

"Basi naitaka hiyo. Baba anahama na ng'ombe Jumapili, anaelekea Rukwa. Amesema nikimletea karatasi yenye namba ya chuo, nitabaki kwa shangazi Mlowo kusubiri majibu. Nisipoileta, nakwenda nao."

Alisema hivyo bila kulia wala kubembeleza, kama mtu anayesoma ratiba ya basi. Nilimpenda palepale.

Tukafungua tovuti. Juu kulikuwa na kisanduku chekundu kitupu, kipana. Yeye akadhani ni mahali pa kuandika jina, akabofya humo mara tatu, na si yeye peke yake. Wiki hiyo watu wanne walijaribu kuandika majina yao kwenye kile kisanduku. Chini yake yalifuata maneno mengi madogo, tukayapita haraka, na chini kabisa kitufe cha kijani: Anza Maombi. Akabofya. Kitufe kikabonyea, kikarudi juu. Basi. Akabofya tena.

"Unabofya kama unakiogopa," nikamwambia, nikamnyang'anya mausi. Nikabofya mwenyewe kwa nguvu zangu zote. Kikabonyea, kikarudi juu.

"Mtandao," nikasema. "Rudi kesho."

Ndivyo tulivyozoea kusema mpakani pale. Kitu kikigoma, ni mtandao. Mteja anakubali, wewe unapumua, siku inakwisha. Jumanne alirudi, na barabara ile ya Momba mnaijua. Nikamwambia mtandao. Jumatano alirudi. Nikamwambia mtandao, na wakati huohuo, kompyuta ya pembeni yake, dereva wa Kizambia alikuwa anaangalia magoli ya mpira kwa mtandao uleule na kupiga kelele kwa Kibemba. Nilikuwa namsikia kabisa. Mtandao ukiwa mbovu, kile kiduara cha kusubiri huzunguka na kuzunguka mpaka uchoke. Kwenye kitufe kile hakikuzunguka hata mara moja. Nina macho, nilikuwa naona, na bado nikasema mtandao.

"Niachie kopi za vyeti," nikamwambia Jumatano hiyo. "Usiteseke tena na barabara. Mtandao ukitulia nitakujazia mwenyewe, karatasi nitaituma kwa bodaboda."

Akaziweka kopi mezani moja moja, akazinyoosha kwa kiganja. Akaniandikia namba ya simu ya baba yake. "Kule bondeni haishiki vizuri," akasema. "Lakini tupo karibu na lambo la kunyweshea ng'ombe, wenye bodaboda wote wanapajua. Mpaka Jumapili asubuhi."

Alhamisi mausi ya kompyuta ya nne ilikufa. Hizo nyingine zilikuwa na watu, kwa hiyo nikakaa pale kwenye ya nne na kibodi peke yake, nikafungua tovuti ya chuo. Nikabonyeza Tab mpaka vinukta vikazunguka kitufe cha kijani. Nikabonyeza Enter.

Fomu ikafunguka.

Niliiangalia kama mjinga. Juu yake iliandikwa: Maombi yamefungwa. Siku ya mwisho ilikuwa Jumatano.

Hasira ilinipanda, na ilikuwa bado haina mwenyewe. Nikarudi kwenye ukurasa wa kwanza, nikafungua msimbo wake, na mwenyewe nikampata. Aliyeutengeneza alikuwa ameweka kiungo, na ndani ya kiungo akaweka kitufe. Kiungo kazi yake ni kukupeleka mahali. Kitufe nacho ni kitu cha kubofywa, chenye kazi yake. Kanuni za lugha ya kuandikia kurasa zinakataza kimoja kukaa ndani ya kingine, kwa sababu ukibofya haijulikani umebofya kipi, na kila kivinjari, ile programu ya kufungulia kurasa, kinaachiwa kuamua kivyake. Kivinjari chake yeye kilikuwa kinafuata kiungo. Cha kwetu kilikuwa kinampa kitufe ule mbofyo, na kitufe hakikuwa kimeambiwa kufanya chochote. Kwa kibodi, Tab inagota kwanza kwenye kiungo, ndiyo maana Enter ilifanya kazi. Ukibonyeza Tab mara moja zaidi unaingia kwenye kitufe chenyewe, na hapo Enter haikupeleki popote.

Na kile kisanduku chekundu? Alifungua aya, akaipa mpaka mwekundu, kisha ndani ya aya hiyo akaandika aya nyingine mbili zenye tangazo la siku ya mwisho. Aya haikai ndani ya aya. Kivinjari kikiona ya pili imefunguliwa, kinaifunga ya kwanza palepale. Wekundu wote ulibaki kwenye aya tupu, na tangazo likaangukia nje, maneno madogo ya kawaida, yale tuliyoyapita haraka.

Nikapiga namba iliyokuwa kwenye tovuti. Akapokea mwalimu wa kompyuta wa chuo, ndiye aliyeitengeneza.

"Kwangu inafunguka," akasema.

"Kwangu haifunguki."

"Nyie huko mpakani mna kompyuta za zamani, dada. Badilisheni kompyuta."

Nilikata simu kabla sijamtukana. Ijumaa alfajiri nikachapa ule msimbo, nikafunga kafe bila kumuaga tajiri yangu, nikapanda basi. Nilifika chuoni saa tatu na kukaa kwenye benchi la ofisi ya mkuu wa chuo mpaka akanipokea, mama mmoja mpole mwenye miwani. Mwalimu wa kompyuta akaitwa. Kijana nadhifu, kalamu mbili mfukoni.

Kompyuta ya mkuu ilikuwa na kivinjari kama cha kwetu. Nikamwambia, "Mama, naomba ubofye mwenyewe."

Akabofya. Kikabonyea, kikarudi juu. Akabofya tena.

"Mtandao leo," akasema.

Nilishindwa kujizuia. "Siyo mtandao!" nilipiga kelele ofisini kwa mtu. "Siyo mtandao, mama!"

Nikawaonyesha. Mwalimu akasogea, akaangalia karatasi yangu, akasema kitufe mbona kinaonekana vizuri, sasa kosa liko wapi. Nikamwambia kwamba kuonekana hakujafikisha mtu kwenye fomu. Ondoa kitufe, acha kiungo, kipake hicho kiungo rangi ya kijani kifanane na kitufe. Aya ya nje igeuze iwe kasha la kawaida, hilo linaruhusiwa kubeba aya. Alikaa, akafanya. Haikumchukua dakika tano. Tangazo likaingia ndani ya wekundu wake. Kitufe kikafungua fomu.

Mkuu wa chuo akavua miwani. Akatoa faili mezani, akapekua. "Kutoka Tunduma na Momba hatukupata ombi hata moja," akasema taratibu. "Niliwaandikia bodi kwamba watu wa huko hawana mwamko."

Hapo ndipo nilipotaka kulia. Sikulia, nilikuwa na hasira mno. Nikamweleza habari za binti, za ng'ombe, za Jumapili. Nikatoa zile kopi. Nikamwomba aifungue fomu hata kwa nusu saa tu, nijaze, nipate karatasi.

"Nitawaongezea wiki nzima," akasema. "Lakini lazima nimpigie mwenyekiti wa bodi, na yuko safarini. Tutafungua Jumatatu."

"Jumapili wanahama, mama."

"Nimekuelewa, mwanangu. Jumatatu."

Alisema kwa upole wote wa dunia. Mwalimu wa kompyuta alikuwa ameshatoka zamani, bila hata kusema pole.

Simu ya baba yake niliipiga tangu Ijumaa mchana mpaka Jumapili. Haipatikani. Jumamosi nilimtuma dereva wa bodaboda awaambie tu wasubiri siku moja. Pikipiki ikamharibikia njiani, akarudi jioni akiisukuma. Jumatatu asubuhi fomu ilifunguka kwa mbofyo mmoja, laini kabisa. Nikajaza kila kitu kutoka kwenye kopi. Kwenye nafasi ya simu nikaweka namba yangu. Karatasi ikatoka, ina namba, nikaiweka kwenye plastiki na kumkabidhi dereva mwingine.

Alirudi nayo saa kumi. Alisema alifika mpaka lambo. Alikuta boma la miiba limeachwa wazi na majivu ya moto wa asubuhi ya jana.

"Lakini kuna mama mmoja jirani anauza pombe pale," akaniambia. "Anasema kuna binti alikaa barabarani tangu Alhamisi, anasimamisha kila bodaboda inayotoka Tunduma. Anauliza kama imebeba karatasi yake."

Mwalimu yule nimemchukia miaka mingi, na sioni aibu kusema. Mkuu wa chuo nimemsamehe nusu. Lakini yule mwalimu hakuwahi kumwona binti. Mimi nilimwona siku tatu, uso kwa uso, na Tab ilikuwa chini ya kidole changu muda wote.

Wiki sita baada ya Jumatatu ile nilikuwa nafagia kafe, simu ikalia ujumbe. Hongera, umechaguliwa kujiunga na chuo. Ripoti tarehe moja ukiwa na vyeti halisi. Nilisimama na ufagio mkono mmoja nikausoma. Kisha nikaipiga tena ile namba ya baba yake.