Nywele Ambazo Shangazi Alizingoja

Ijumaa asubuhi nyumbani kwa shangazi, Kisarawe, tulikaa kwenye ngazi za baraza mmoja chini ya mwingine, kila mwanamke akimpaka mafuta ya nazi aliye mbele yake. Ukungu ulikuwa bado umelalia mikorosho. Mikono ilikwenda polepole, na hata mazungumzo yalisinzia. Shangazi, mkubwa wetu, alikaa ngazi ya juu kabisa. Aliviona vichwa vyetu vyote. Chake hakuna aliyekuwa nyuma kukiona.

Mimi natibu magonjwa ya ngozi kwenye kliniki moja Kibaha, naishi Visiga. Siku ile wenzetu walipoinuka kwenda jikoni, aliniita karibu.

“Mwanangu, hapa utosini pananiwaka kama nimepaka pilipili. Nywele zimeondoka. Lakini sina wasiwasi, nazingoja.”

“Unazingoja tangu lini, shangazi?”

“Tangu binti yangu alipokuwa na kidoa chake. Si nywele zilirudi? Na mdogo wako si zilirudi? Zangu zina uvivu tu, kama mwenyewe.”

Nilielewa kilichomdanganya. Binti yake alitokwa na kidoa cha mviringo juu ya sikio, laini kama shavu la mtoto. Watu walisema ni mapunye, lakini mapunye huwa na magamba, na pale hapakuwa na hata moja. Ukitazama kwa lenzi uliona vitundu vya nywele vipo, na pembeni vijinywele vifupi vyembamba kwenye shina. Kinga ya mwili ilikuwa imezishambulia nywele bila kuyaua mashina, na zikaota tena, za kwanza nyeupe. Mdogo wangu naye zilimpukutika kichwa kizima miezi michache baada ya kujifungua, zikajaa kwenye kitana hadi akalia. Hakuwa na kidoa popote. Zilikuwa zimepungua tu, na baadaye zikarudi zenyewe.

Nikamwomba shangazi avue mtandio na akae ngazi ya chini.

“Mimi? Chini?” Alicheka. “Leo nimeshushwa cheo.”

Nilimgeuza aelekee jua lililokuwa linapenya ukunguni, nikatoa lenzi mfukoni. Utosi ulikuwa unang'aa. Katikati, upana wa kiganja, ngozi ilikuwa nyororo kama kaure, na vile vitundu havikuwepo. Nilivitafuta kwa muda mrefu, nikisikia ndege na harufu ya nazi, nikitamani kiwepo hata kimoja. Kwenye ukingo vilikuwapo, vichache, nywele mbili mbili zimetoka pamoja, na weusi wa ngozi umekolea wekundu. Nilipobonyeza pale alivuta pumzi.

“Ndiyo hapo panapowaka,” alisema.

Nikamweleza kama nilivyoweza. Majani yakifyekwa huota. Majani yakikauka kwa kiangazi huota. Lakini uwanja ukisakafiwa, mvua inyeshe isinyeshe, hakioti kitu. Katikati ya utosi wake kovu lilikuwa limeshasakafia. Ukingoni kazi ilikuwa inaendelea, na kule kuwaka ndiko kulikuwa kunasema hivyo.

Aliurudisha mtandio kichwani. Ukungu ukafunguka kidogo, mikorosho ikaonekana, ikajificha tena.

“Kwa hiyo nilipokuwa nangoja,” alisema taratibu, “sakafu ilikuwa inaendelea kumwagwa.”

“Ndiyo, shangazi. Lakini bado kuna uwanja mkubwa.”

Jumatatu alikuja Kibaha. Daktari wetu alikata kipande kidogo cha ngozi pale ukingoni, si katikati, maana katikati hapana tena la kusoma. Majibu yalithibitisha kovu. Shangazi akaanza dawa ya kupaka, sindano ndogo ndogo kwenye ukingo, na vidonge vya kutuliza uvimbe. Aliacha dawa ya kulainisha nywele na misuko ya kuvuta. Hilo la misuko alilipinga.

“Nisuke nini sasa? Twende kilioni, kama mwanafunzi?”

“Twende kilioni, iliyolegea.”

“Wenzangu watadhani nimerudi darasa la tano.”

Mara ya kwanza kurudi aliuliza kama zitaota katikati. Nilimwambia hapana. Hakulia, alitazama dirishani, kwenye miembe ya ua wa jirani, kama mtu anayehesabu mawingu. Kisha akauliza kama zilizobaki zitabaki. Nikasema ndiyo maana tumekutana.

Sasa anakuja na kulala kwangu Visiga kila anapopangiwa kliniki. Alasiri hujinyoosha mkekani, macho nusu yamefumba, nami nampima ukingo kwa uzi na kuulinganisha na picha za mwanzo.

“Umesogea?” aliuliza mara ya mwisho.

“Upo palepale.”

“Usinipe moyo wa bure.”

Nikamshika kidole, nikakipitisha polepole kutoka kwenye ngozi nyororo hadi palipoanza nywele. Alikiacha pale. Alisugua mbele na nyuma, mbele na nyuma, mpaka usingizi ukamchukua, kidole kikiwa bado upande wenye nywele.