Mahindi Yaliyoanikwa Uani

Dada yangu ni mpishi wa shule karibu na Nunguni. Ndiye aliyenipigia simu kwanza kuniambia kwamba mahindi ya ghala yana ukungu na ugali wake ni mchungu. Niliwasihi wakubwa wangu katika maabara watume mtu, na afisa wa afya akaenda, akachota sampuli kwenye magunia, akaitia katika mfuko wa karatasi na kuufunga kwa lakiri yenye nambari. Bila majibu yetu ya sumu ya ukungu, hakuna ofisi ambayo ingeyazuia mahindi yale.

Mfuko ulinifikia Jumatatu, lakiri imekatwa, mdomo umefungwa kwa uzi wa katani, vizuri kabisa.

"Nililala kwa mum Ijumaa, nikampea aniwekee," afisa alisema. "Aliona mahindi iko na unyevu, akaanika. Lakini alirudisha yote, madam, hata punje moja haikubaki."

Nilimwamini. Mama gani wa Ukambani ataacha mahindi yaoze ndani ya mfuko?

"Andika tu seal iko sawa," aliniomba. "Watoto wanakula hiyo kitu."

Kana kwamba mimi sikulijua hilo. Nilikasirika. Mahindi yaliyopigwa na jua uani, kuku wakipita, hayakuwa tena mahindi ya ghala. Mfanyabiashara aliyeiuzia shule mahindi angeuliza swali moja tu: tangu Ijumaa hadi Jumatatu, yalikuwa mikononi mwa nani? Fomu ya makabidhiano haikuwa na sahihi ya mama wa mtu.

Nilifungua daftari, lile la kurasa zenye nambari, nikaandika kwa kalamu ya wino: lakiri imekatwa, sampuli imekataliwa. Nilikosea saa, nikaikata kwa mstari mmoja, nikaandika iliyo sahihi na kutia herufi za jina langu pembeni. Afisa akarudi shuleni kuchota upya.

Safari hii hakupitia kwao. Lakiri ilikuwa nzima, sahihi zote zipo, kila saa inafuata nyingine. Nilipima mara mbili na mahindi yalikuwa safi. Nilifurahi, mjinga mimi, nikampigia dada yangu.

"Si walibadilisha?" alisema. "Lori ilikuja Jumanne ikabeba zile mbaya zote, ikaleta mpya. Mungu ametusaidia."

"Zile mbaya zimepelekwa wapi?"

"Sijui. Iliteremka kuelekea Makindu."

Nilipiga simu ofisi inayohusika. Kijana wa huko alikuwa na adabu. Aliniomba nambari ya majibu yanayoonyesha mahindi yale ni mabaya, nami sikuwa nayo.

Mwezi uliofuata wakaguzi wa maabara walikuja. Walipekua kurasa za daftari langu taratibu, na mmoja wao akawaita wanafunzi wa mazoezi waje waone jinsi rekodi inavyotakiwa kuwekwa. Nilisimama pale nikiitikia kwa kichwa. Jioni nilipita dukani kununua unga wa ugali, nikashindwa kuchagua pakiti.