Mkono wa Sulle Mlangoni

Agatha, tabibu wa zahanati yetu ya kijiji cha Daudi, ukimwambia kitu hakiwezekani, anavaa gambuti. Hapo ujue safari ipo, na mimi muuguzi wake lazima nibebe begi.

Siku ile tulipanda kwa Bibi Monica. Mjukuu wake Sulle, wa miaka mitatu, alikuwa na homa, siku ya tisa sasa. Malaria alipimwa, hana. Dawa za dukani alimeza, homa haikushuka. Bibi akaamua ni surua, akaweka tawi mlangoni: mgeni haingii, mtoto hatoki.

Agatha hakulivuka lile tawi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Rudini, mtoto anapona. Ngozi ya vidole inabanduka. Ugonjwa unatoka."

Mimi moyoni nikasema afadhali, turudi. Agatha akaganda.

"Bibi, nitolee mkono wake tu."

Mkono mdogo ukapita mlangoni, moto kama chungu. Ngozi ilibanduka kuanzia pembeni mwa kucha. Agatha akaushika, akaanza kuuliza. Macho? Mekundu yote mawili, lakini hayana tongotongo. Mafua, kikohozi? Hana. Midomo? Imepasuka, ulimi mwekundu. Vipele? Vilijaa kifuani. Viganja vilivimba? Juzi, ndiyo.

"Surua haiendi hivi, na chanjo alipata. Ninavyoona ni ugonjwa uitwao Kawasaki. Mishipa ya damu inawaka, na inayolisha moyo ndiyo ninayoiogopa. Ikitanuka, damu inaweza kuganda humo, moyo ukasimama. Dawa yake inasaidia zaidi ndani ya siku kumi za kwanza za homa. Leo ni ya tisa. Kubanduka huku si kupona, bibi. Ni muda unaotuishia."

"Na nisipomtoa?"

"Nitakaa hapa nimemshika."

Akakaa kweli, kwenye tope, na mvua ikaanza. Nilikasirika, viatu vyangu vilikuwa vipya. Bibi alimtazama mpaka akachoka, akaling'oa tawi mwenyewe.

"Una kichwa kigumu kuliko punda wangu," akasema, akatoka na Sulle mgongoni.

Agatha alikuwa ameshapiga simu hospitali ya rufaa Moshi. Tulipofika, madaktari walimpima moyo kwa mashine: mshipa mmoja ulikuwa umeanza kutanuka. Usiku uleule akatundikiwa dripu ya kingamwili, akaanzishiwa aspirini. Homa ikashuka kesho yake. Aspirini aliendelea nayo nyumbani, wao ndio waliopanga kiasi. Tulipomrudisha kupimwa tena, mshipa ulikuwa umerudi kawaida. Nililia, sioni haya kusema.

Juzi tulipita kwa Bibi Monica. Mlango ulikuwa wazi kabisa, lakini yeye alisimama katikati akatuzuia, akamvuta Sulle, akautoa mkono wake nje.

"Shika kwanza," akamwambia Agatha. "Halafu ndipo uingie ule."

Mkono ulikuwa wa baridi, umejaa unga wa ugali.