Mistari Mitano kwa Mzee wa Brashi

Miaka ya sabini ilipokuwa inaelekea ukingoni, nilikuwa sista wa zahanati katika shamba moja la mkonge chini ya milima yetu, upande wa Mwatate. Daktari wa Voi alitutembelea Jumatano moja kila mwezi. Katikati ya mwezi, mgonjwa akinishinda, nilikwenda naye ofisi ya shamba, karani akazungusha mkono wa simu, nasi tukangoja operata atuunganishe.

Mgonjwa ninayemkumbuka zaidi alikuwa mzee mmoja kutoka upande wa ziwa. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye chumba cha brashi, pale nyuzi za mkonge zikishakauka husuguliwa kwa mashine kabla ya kufungwa marobota. Vumbi la humo ndani huwezi kuliona likisimama. Linaelea tu, jeupe, linakaa kwenye nyusi za watu. Mzee huyo alikuwa na maneno! Ukimuuliza habari ya asubuhi, anaanzia kwa babu yake. Foleni ya zahanati ilikuwa fupi kwangu siku akiwamo, maana watu walisahau kunung'unika. Mkewe, mama mnene mpole, alizoea kumwambia, "Baba, pumzika kidogo, masikio ya watu yamechoka." Mzee alicheka, akaendelea.

Mvua za Novemba mwaka ule zilikuja na nguvu, na Jumatano ya daktari ikapita bila daktari, kwa sababu korongo la njiani lilikuwa limejaa maji. Kesho yake mzee akaingia akishika meza yangu.

"Sista, kifua imefunga," alisema. "Usiku silali. Nakaa tu kama kuku kwenye kiota."

Niliweka kipimo cha kusikilizia kifuani. Pande zote mbili zilikuwa zinapiga filimbi. Hakuwa na homa. Makohozi yake yalikuwa yamepimwa Voi mwezi uliotangulia na hayakuwa na kifua kikuu, lakini nilijua kinachomtisha. Kambini kwa wafanyakazi, mtu akikohoa wiki mbili, majirani huanza kutenga vikombe.

Tukaenda kwenye simu, yeye, mkewe na mimi. Laini ilikuwa inakoroma, na daktari alikuwa anapiga kelele kama mtu aliye ng'ambo ya mto. Aliniuliza anapumua mara ngapi kwa dakika, midomo ina rangi gani, analala chini au anakaa. Kisha akasema, "Mpe simu, nimsikie mwenyewe."

Mzee alishika kipokezi kwa mikono miwili. "Daktari, shikamoo. Hii kifua ilianza wakati wa baridi, mashine ya kwanza ilikuwa imeharibika, sasa yule fundi..." Akasimulia habari ya fundi mpaka karani akainamisha kichwa kuficha kicheko. Daktari alimwacha aseme. Baadaye nilielewa kwamba alikuwa anasikiliza pumzi, si habari ya fundi: mtu anayeweza kusema sentensi ndefu bado ana hewa.

Niliporudishiwa simu, daktari alinipa mpango wa dawa, akaahidi kuja Jumatano ijayo kufidia ile iliyopita, kisha akasema, "Sasa mwandikie. Akitoka hapo atakumbuka nusu tu. Andika, halafu unisomee."

Niliandika juu ya dawati la karani, kwa Kiswahili changu cha chuo. Nikasoma: "Mgonjwa anashauriwa kuzingatia matumizi ya dawa kama alivyoelekezwa na kujiepusha na mazingira..."

"Nani huyo mgonjwa?" daktari alinikatiza. "Si yuko hapo mbele yako? Mwandikie yeye. Mistari mifupi. Kama unamwandikia mama yako kule mlimani."

Mama yangu alisoma Biblia kwa kidole, neno moja moja. Nilimfikiria yeye, nikageuza karatasi na kuandika upya:

"Mzee, ugonjwa wako ni pumu. Si kifua kikuu, na hauambukizi.

Vidonge vyeupe vidogo: meza sita pamoja kila asubuhi ukishakula, siku tano. Usiache hata ukijisikia mzima.

Vidonge vya kufungua kifua: kimoja asubuhi, kimoja mchana, kimoja jioni. Mikono ikitetemeka kidogo, usiogope.

Usiingie brashi mpaka daktari akuone Jumatano ijayo.

Ukishindwa kumaliza sentensi bila kutua upate pumzi, au midomo ikigeuka rangi, njoo zahanati wakati huohuo. Usingoje kupambazuke."

"Hiyo ndiyo," daktari alisema. "Sasa akwambie yeye mwenyewe atafanya nini."

Mzee alinirudishia yote sawasawa, na nyongeza zake. Mkewe alichukua karatasi, akaisoma polepole akisogeza midomo. Kwenye mstari wa kwanza alisimama, akamtazama mumewe, akavuta leso machoni. "Hauambukizi," alisema. "Nitaenda kuwasomea wale wa jirani."

Aliwasomea kweli. Nilisikia kambi nzima ilijua mistari ile kabla ya jua kutua.

Siku mbili mzee alipata nafuu nzuri. Siku ya tatu, Jumapili, aliona amepona, akapita brashi kusalimia vijana waliokuwa wanasafisha mashine. Alisimama mlangoni tu, aliniambia baadaye. Lakini vijana walikuwa wanafagia.

Tulikuwa tumetoka kanisani nilipomwona mkewe anakuja mbio, viatu mkononi, na mama huyo hakuwa mtu wa kukimbia.

"Sista, amenyamaza!"

"Amezimia?"

"Hapana, macho iko wazi. Alikuwa anasimulia watoto, akasema neno moja, akavuta pumzi. Neno lingine, akavuta. Halafu akaacha hadithi katikati. Huyu mtu tangu anioe hajaacha hadithi katikati. Nimekumbuka ile mstari ya mwisho."

Tulimleta kwenye mkokoteni wa mkonge, ameketi, mabega yanapanda na kushuka. Midomo ilikuwa imeanza kuwa kama majivu. Nilimchoma adrenalini chini ya ngozi, kisha aminofilini kwenye mshipa, polepole, kama daktari alivyonifundisha, mkono wangu mwingine ukiwa kwenye mapigo yake. Mkewe alimshika mgongo akimnong'oneza kwa lugha ya kwao. Filimbi zikaanza kusikika tena kifuani, na nilizifurahia, maana dakika chache kabla hewa haikupita hata ya kupiga filimbi. Maji ya korongo yalikuwa yamepungua, kwa hiyo dereva wa shamba akatupeleka Voi kwa Landrova, mzee katikati yetu, madirisha wazi.

Walimlaza wiki moja. Siku ya pili nilimkuta ameegemea mito, oksijeni imeondolewa. Daktari alikuwa amekaa pembeni ya kitanda, akimuuliza mkewe alijuaje, kwani wengi huletwa wakiwa wamechelewa.

"Si mliandika?" mama alijibu, akishangaa swali. "Mlisema akishindwa kuongea."

Daktari aliongea na meneja, na mzee akahamishiwa stoo ya vipuri, mbali na vumbi. Kifua kilimsumbua tena mara moja moja, hasa wakati wa baridi, lakini hakikufika pale tena. Mimi niliendelea kuwaandikia wagonjwa wa simu namna ile, na kila mara nilipomaliza nilimsomea daktari kwanza.

Krismasi ile mama alinialika chai. Alikuwa amekaanga samaki wakavu waliotumwa kutoka kwao, nikala mpaka nikaomba radhi. Alipokuwa ananisindikiza, mumewe akiwa bado anaongea peke yake ndani, alinishika mkono.

"Sista, zamani nilikuwa namwambia apumzike," alisema. "Siku hizi naenda jikoni, napika, namsikiliza tu."