Mguu wa Mke Wangu

Mke wangu alianza kutembea vibaya mimi nikiwa pale pale, na sikuona. Nasema mapema ili mtu asinihurumie.

Yeye ni wa upande wa Embu, kule chini kwenye joto, na alibeba kuni kwa kamba ya kichwani tangu akiwa mdogo. Kamba ilimchimba paji la uso, alama bado iko. Kwa hivyo alipoanza kuinama, hapa kwetu Kanyakine kila mtu alisema ni kuni. Mikono haipepei? Mbebaji wa kuni hushika kamba, atapepea na nini. Mimi nikaongeza kwamba ni goti. Mimi shule niliacha darasa la tatu, mwalimu alinichapa na fimbo ya mti wa kahawa nikaenda zangu, lakini kusema juu ya ugonjwa sikuwahi kuogopa. Zahanati nilikuwa namsemea mimi, yeye amekaa kwenye kiti, tunapewa dawa ya kuchua. Nilimchua goti miaka miwili. Hata chai yangu ilinuka ile dawa.

Goti lilipokataa kupona tulitumwa hospitali kubwa mjini Meru, kwa daktari wa mazoezi, msichana mdogo aliyekuwa na wanafunzi wawili. Yeye haulizi unaumwa wapi. Anakwambia tembea, halafu anainama kuangalia nyayo kama mtu anayenunua ng'ombe. Mbele yetu kulikuwa na mzee wa kiharusi, mguu mmoja umekakamaa akiuzungusha kwa nje kama anayefyeka nyasi. Halafu kijana ambaye wayo wake ulilegea, akiinua goti juu kama anaruka mtaro, kwa sababu asipoinua vidole vinakwaruza sakafu. Nilianza kufurahia, nikasahau nimeleta mtu.

"Shosho, toa kiondo mgongoni, utembee mpaka ule mlango," daktari akamwambia mke wangu.

"Nikikitoa nitaanguka chali," mke wangu akasema, na wanafunzi wakacheka.

"Basi mzee aanze, mwone kutembea kuzuri."

Nikatembea kifua mbele. Yule msichana akawaonyesha: kisigino kinagusa kwanza, wayo unalala wote, mwili unapita juu yake, kisigino kinainuka, vidole vinasukuma, mguu unapita hewani kwenda kugusa tena. Miaka yote hiyo nimetembea bila kujua ni kazi nyingi namna hiyo.

Mke wangu akaenda. Kiondo kilikuwa chini na bado ameinama. Hatua fupi fupi, zinazidi kwenda mbio kana kwamba anasukumwa. Kugeuka alichukua hatua nyingi ndogo, mwili mzima kama mlango. Alipofika mlangoni miguu ikagandama, magoti yanatetema, haendi.

"Goti hilo," nikasema.

"Hapana, mzee. Mwenye goti bovu huharakisha kulitoa uzito. Hatua moja ndefu, nyingine fupi. Shosho zote ni fupi sawasawa, na kisigino hakigusi kwanza, wayo unatua wote pamoja. Mikono je? Ni upi uliacha kupepea kwanza, na tangu lini?"

Nikageuka kuangalia mikono yake. Sisi mume hutangulia, mke hufuata na mzigo. Sokoni, kanisani, matangani, namjua kwa sauti ya miguu nyuma yangu. Sauti ilikuwa imebadilika, ikawa ya kuburuta, na mimi nilikuwa nasema bila kugeuka, "Inua miguu, mama, unamaliza viatu!"

"Ni wa kulia," mke wangu akajibu kwa sauti ndogo, ameshika fremu ya mlango. "Tangu mwaka tuliouza ng'ombe mwekundu. Nilidhani mzee anajua."

Yule msichana akaandika bila kuniangalia, akatutuma kwa daktari wa ubongo. Huyo naye akamtembeza, akamkunja viwiko, akasema ni ugonjwa wa ubongo, si goti, na hauponi. Dawa zinamfungua masaa machache, halafu anajifunga tena. Ukimkuta amegandama usimvute, walisema, weka fimbo sakafuni mbele ya vidole vyake aivuke.

Siku hizi natembea nyuma.

"Unanifuata kama polisi," ananiambia. "Watu watasema nimeiba."

Naona kila kitu sasa, na hakuna cha kufanya na kuona huko. Naona kisigino ambacho hakigusi. Ameanguka mara mbili tangu mvua ianze, mara zote nilikuwa hatua moja nyuma yake, mikono mitupu.

Jana aligandama mlango wa jikoni, ugali unaungua. Nikaweka fimbo. Akainua mguu, ukarudi pale pale.

"Sogeza karibu," akasema.

Nikasogeza.

"Karibu zaidi, mzee."

Nikasogeza mpaka ikagusa kidole chake. Hakuvuka. Nikaepua sufuria, nikarudi nikasimama naye.